Kutoka usingizi wa mara mbili mchana hadi mara moja: maswali ya wazazi wenye watoto wa mwaka mmoja na kidogo

Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilea watoto wa wenzangu katika kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Tanga. Kipindi cha mtoto kuacha usingizi wa pili ndicho ninachoulizwa kuliko kingine chochote. Huulizwa getini, mzazi akiwa amembeba mtoto anayelia na mkoba begani, kwa hiyo majibu huwa ya haraka. Haya hapa ni majibu kamili.

Mtoto huacha kulala mara mbili akiwa na umri gani?

Wengi huacha kati ya miezi 13 na 18, na katikati ya hapo, karibu na miezi 15, ndipo wengi wanapoangukia. Akiacha akiwa na miezi 13 hajawahi sana, na anayefika miezi 18 bado analala mara mbili hajachelewa, mradi analala vizuri usiku.

Angalia jumla ya usingizi wake pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 11 hadi 14 kwa siku nzima kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, usingizi wa mchana ukiwamo. Jumla hiyo haitakiwi kuporomoka eti kwa sababu amebaki na usingizi mmoja. Mtoto aliyekuwa akilala saa 11 usiku na saa mbili na robo mchana kwa vipande viwili, mwisho wa safari atalala saa 11 usiku na saa mbili mchana kwa kipande kimoja. Kinachobadilika hasa ni mpangilio.

Wangu ametimiza mwaka juzi na anakataa kulala alasiri. Amekuwa tayari?

Huenda bado. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwa mtoto wangu wa kwanza.

Karibu na miezi 12 mtoto anajifunza kusimama na kutembea, meno yanatoka, na ameanza kulia mama akitoka chumbani. Mwili wake unahitaji usingizi uleule, ila ana kazi nyingine anayoona ni muhimu zaidi. Utamkuta kasimama kitandani, kashika neti kwa mikono miwili, anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka. Huyo anafanya mazoezi. Mpe nafasi ya kutosha ya kutembea sakafuni kabla ya kulala, na uendelee kumlaza mara mbili kama kawaida. Mara nyingi baada ya wiki moja au mbili anarudi mwenyewe.

Aliye tayari kweli utamjua kwa mambo haya. Anakataa usingizi mmojawapo siku nyingi kuliko anazokubali, kwa muda usiopungua wiki mbili. Anachukua nusu saa au zaidi kulala, akicheza na kuimba, bila kulia. Au anakubali zote mbili lakini usiku unaharibika: halali hadi saa 3 au 4 usiku, au anaamka saa 11 alfajiri akiwa na nguvu zake zote. Na kuna jaribio ninalolipenda: siku ambayo usingizi wa asubuhi umechelewa kwa bahati tu, mmeenda kliniki kwa mfano, anaweza kufika saa 5 asubuhi bila kusambaratika? Akiweza, yuko karibu.

Chukua daftari, andika saa anayoamka, anayolala na anayoamka tena, kwa siku 14. Ukiwa umechoka, siku mbili mbaya zinaonekana kama mwezi mzima. Daftari litakuonyesha zilikuwa mbili.

Usingizi anaoukataa ni wa alasiri. Si huo ndio nauondoa, wa asubuhi unabaki?

Hapana, ingawa inaonekana ndivyo. Usingizi unaosogezwa ni wa asubuhi. Unasogea taratibu kuelekea saa 6 mchana mpaka unachukua nafasi ya yote mawili.

Piga hesabu. Mtoto ameamka saa 12:30 asubuhi, kalala saa 3:30 hadi saa 5. Ukiondoa wa alasiri tu, anatakiwa kukaa macho kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 1:30 usiku, saa nane na nusu mfululizo. Hakuna mtoto wa miezi 15 anayeweza kubeba hilo vizuri. Usingizi ukikaa katikati ya siku, anakuwa macho kama saa tano na nusu kabla yake na kama saa tano baada yake.

Sababu ya yeye kukataa wa alasiri ni hii. Kila dakika mtoto anapokuwa macho, haja ya usingizi inajikusanya kwenye ubongo, kama maji ya bomba la taratibu yanavyojaza ndoo. Mtoto wa miezi 8 ndoo yake ni ndogo, inajaa kwa saa mbili au tatu. Wa miezi 15 ndoo imekua. Akilala saa 3:30 anaimwaga yote, kisha ikifika saa 8:30 mchana unamlaza na ndoo haijajaa. Analala juu ya mto anakuangalia tu.

Tunausogeza vipi? Nipe mfano wa kweli.

Dakika 15 kwa kila siku tatu. Hiyo ndiyo kanuni nzima. Nitasimulia ya mwanangu wa pili, kwa kuwa daftari lake bado ninalo.

Alikuwa na miezi 14 na nusu. Katika siku 14 nilizoandika, siku 9 alikataa usingizi wa alasiri au aliupata baada ya saa 10 jioni, na siku hizo usiku wake ulianza saa 3:30. Usingizi wa asubuhi ulikuwa saa 3:30. Tukaanza kumlaza saa 3:45 kwa siku tatu, saa 4:00 kwa siku tatu, saa 4:15, hivyo hivyo. Hatua za mwanzo hakuzigundua kabisa. Alasiri nilimpa nafasi ya kulala bado, lakini kidogo: dakika 20 hadi 30, na kufika saa 10 jioni lazima awe ameshaamka.

Ile saa yake ya zamani ya kulala, saa 3:30, ndiyo tuliyoilinda kwa kumtoa nje. Mwanga wa jua na upepo humchangamsha mtoto kuliko kelele yoyote ndani ya nyumba. Tulikaa chini ya mwembe na beseni la maji na vikombe viwili vya plastiki. (Ukitumia beseni, usiinuke hata kidogo, hata simu ikiita, na ukimaliza ulimwage. Maji ya kina kifupi yanatosha kumzamisha mtoto wa umri huu.) Akianza kuvuta sikio na kusugua macho nilimpa nusu ndizi, maana kutafuna nako kunaamsha.

Shida ilianza tulipofika saa 5:00 asubuhi. Hapo ndipo pagumu kwa karibu kila mtoto, kwa sababu saa 5 ni kati na kati: amechelewa mno kuweza kulala tena alasiri, na amewahi mno kuweza kufika usiku. Alilala saa 5:00 hadi 6:10, akaamka, na ilipofika saa 11 jioni alikuwa analia kwa sababu kijiko ni cha bluu. Tulikaa hapo wiki nzima bila kusogeza chochote. Nilichofanya ni kimoja tu: nilimlaza usiku saa 12:15 jioni. Akalala hadi saa 12:15 asubuhi.

Wiki iliyofuata tukaendelea, 5:15, 5:30. Mwishoni mwa wiki ya sita alikuwa akilala saa 6:00 mchana na kuamka saa 8:00, na usiku akarudi kulala saa 1:15. Wapo wanaomaliza kwa wiki mbili. Wengi wanahitaji nne hadi sita.

Nimsubirishe hadi saa 6, na chakula cha mchana je?

Chakula kije mbele ya usingizi, saa 5:15 hivi. Tukichelewesha, mtoto anasinzia na tonge mdomoni, na hilo ni la kuogopa kwa sababu anaweza kupaliwa. Katika wiki za mwanzo, mlo wenyewe huhama pamoja na usingizi: uji saa 1 asubuhi, tunda saa 3:30, wali na maharage au mtori nusu saa kabla ya kulala. Akiamka mpe kitu kingine, kisha mlo wa jioni saa 11:15, uwe tayari kabla hajachoka.

Analala dakika 40 tu kisha anaamka analia. Nifanyeje?

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Ulitarajia akiunganisha usingizi mbili atalala saa mbili, kumbe amelala dakika 40.

Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko. Mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka, na aliyechoka kupita kiasi hushindwa kuvuka hadi mzunguko wa pili. Mwili uliochelewa sana kulala hutoa homoni za kumweka macho, ndizo zilezile zinazomfanya akimbie huku na kule saa 1 usiku ukadhani hana usingizi. Kwa hiyo usingizi mfupi wenye kilio mara nyingi una maana umesogeza haraka mno. Rudisha nyuma dakika 15 au 30, kaa hapo siku nne.

Akiamka, usimwinue mara moja. Nenda kimya, weka mkono mgongoni, mpige taratibu kama unavyomlaza usiku, au mpe ziwa kama hivyo ndivyo anavyolala. Jaribu kwa dakika 15. Akirudi, vizuri. Asiporudi, siku hiyo imekwisha, mtoe, na usiku umlaze mapema.

Angalia na chumba. Mchana wa Tanga mwezi wa Februari, chumba chenye bati bila dari ni jiko. Mwanangu alikuwa akiamka na shingo imelowa, na tulipohamisha kitanda upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, tukafunga kanga mbili nzito dirishani, akaongeza nusu saa. Neti ishushwe mchana pia. Feni ielekezwe ukutani, isimpige mtoto usoni. Umeme ukikatika, fungua madirisha na ukubali siku itakuwa fupi.

Nikimlaza saa 12:30 jioni si ataamka saa 9 usiku?

Kila mzazi ananiuliza, na ninawaelewa, maana kwa mtu mzima ndivyo ingekuwa. Kwa mtoto aliyekosa usingizi mchana haiwi hivyo. Anayelala amechoka kupita kiasi ndiye anayeamka usiku mara kwa mara na kuwahi alfajiri. Kulala mapema ndiyo njia ya kumlipa alichokosa.

Hesabu kutoka alipoamka mchana. Katika kipindi hiki asikae macho zaidi ya saa nne na nusu, mwishoni tano. Akiamka saa 7:15 mchana, anza kumwogesha saa 11 jioni, awe kitandani kabla ya saa 12:15. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: giza huingia saa 12 na nusu hivi mwaka mzima, na giza lenyewe linasaidia mwili wa mtoto kujua usiku umefika.

Mpango huu ni wa wiki chache. Usingizi wa mchana ukishakuwa saa mbili, muda wa usiku utasogea wenyewe.

Baba yake anarudi saa 2 usiku na anataka kumwona.

Wapeni asubuhi. Nyumba niliyoifahamu, baba alichukua zamu ya kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi: anamvalisha, anampa uji, wanakwenda wote kununua vitumbua. Mtoto huwa katika saa yake nzuri kuliko zote. Kumweka macho hadi saa 2 usiku kipindi hiki ni kumpa baba mtoto anayelia.

Bibi yake anasema mtoto akisinzia aachwe alale. Tunagombana.

Bibi ana hoja. Ameona mtoto anasugua macho saa 3:30 na anaona ukatili kumnyima. Msigombane mbele ya mtoto, na usimpe amri mtu aliyekulea. Mama mmoja alimwambia mama mkwe wake hivi: “Mama, shikamoo. Nakuomba unisaidie jambo. Huyu akilala saa tatu, usiku ananikesha. Ukiweza kumchelewesha kwa hadithi zako hadi saa nne na nusu, utakuwa umenilaza mimi.” Bibi akacheka, akamchukua mjukuu bandani kwenye kuku. Kazi ikafanyika.

Dada wa nyumbani naye apewe saa zilizoandikwa kwenye karatasi, ukutani, pamoja na ruhusa: “Akishindwa kabisa, mlaze dakika 20 kisha umwamshe.” Bila ruhusa hiyo atamlaza saa nzima na aogope kukwambia, na wewe usiku utashangaa.

Kituoni ni tofauti kidogo. Vituo vingi huwalaza watoto wote mara moja, baada ya chakula, na mtoto wa miezi 13 hulazimika kufuata wenzake. Mara nyingi kituoni anaweza, kwa kuwa kuna watoto wa kuwatazama. Akirudi nyumbani anavunjika. Basi kituoni alale mara moja, nyumbani mumlaze mapema, na Jumamosi na Jumapili mkimwona hoi mpeni mara mbili. Hatachanganyikiwa.

Kwa hiyo naruhusiwa kurudi mara mbili siku nyingine?

Ndiyo. Mtoto aliyechanjwa jana, mwenye mafua, aliyeamka saa 10 alfajiri, au aliyekaa siku tatu mfululizo na usingizi wa dakika 40, mpe siku ya mara mbili. Lakini iwe fupi: asubuhi dakika 30 hadi 45 kisha umwamshe, alasiri saa moja, mwisho saa 9:30. Kosa ninaloliona ni kumwacha alale saa mbili asubuhi kwa huruma. Siku hiyo inakuwa nzuri, lakini kesho yake mwili unadai tena saa 3:30.

Jambo jingine: usiunganishe mabadiliko haya na makubwa mengine. Kama unapanga kumwachisha ziwa, kuhama nyumba au kubadilisha dada, chagua kimoja kwanza, kingine baada ya mwezi.

Anasinzia kwenye bajaji saa 4 asubuhi.

Dakika tano za bajaji zinatosha kumwondolea njaa ya usingizi, kisha saa 6 anakataa. Kama safari haiepukiki, pangeni iwe mapema, saa 2, au iwe karibu kabisa na saa ya kulala ili ukifika umhamishe kitandani. Kumbeba mgongoni na kanga nako kunalaza haraka. Wiki hizi mbebe kwa mbele akitazama watu, au atembee.

Sasa anaamka saa 11 alfajiri, adhana ikianza tu.

Karibu na alfajiri usingizi wa mtoto ni mwepesi, na sauti ambayo saa 5 usiku isingemgusa inamwamsha. Ila kinachomzuia kurudi kulala mara nyingi ni usingizi wa asubuhi uliobaki mapema mno: mwili umezoea kwamba saa 3:30 utamalizia usiku. Kwa hiyo asilale mapema kwa sababu ameamka mapema. Mkae gizani, kimya, bila taa wala simu, hadi saa 12. Kisha fungua mapazia yote. Mchana asogezwe angalau hadi saa 5. Inachukua siku saba au zaidi kuona tofauti.

Naweza kumpa dawa kidogo ya mafua alale?

Usimpe. Sirapu za mafua na za mzio zinazoleta usingizi si dawa za kulaza mtoto. Kipimo kikizidi kidogo kinaweza kuathiri upumuaji wake, na watoto wengine huzinduka badala ya kulala. Vivyo hivyo usimpe mtoto dawa ya kulala ya mtu mzima, hata nusu.

Lini nijue hili si suala la mpangilio wa usingizi?

Mtoto aliye katika mabadiliko haya anakuwa na hasira jioni, lakini asubuhi anacheza, anakula, anacheka. Usingizi uliozidi ghafla ni habari nyingine. Akiwa na homa, akiwa mlegevu na mgumu kuamka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kwetu homa kwa mtoto ni ya kupimwa malaria siku ileile.

Mtoto anayechoka wakati wote kwa wiki kadhaa, mwenye viganja vilivyopauka, apimwe damu. Na anayekoroma kila usiku au anayeonekana kukatiwa pumzi akiwa usingizini aonwe na daktari, kwa sababu huyo hata ukimlaza mara tatu ataamka amechoka. Ukienda, beba kadi ya kliniki na lile daftari.